Utangulizi wa Makala: Swali, Nadharia Tete na Lengo

Leo nina neno na wanafunzi wa vyuo, na walimu wao, na yeyote aliyewahi kukabidhiwa makala ya kitaaluma akaambiwa: soma utangulizi wake, uufupishe kwa ukurasa mmoja.

Ni kazi ya kawaida kabisa katika vyuo vyetu, kuanzia Mkwawa pale Iringa hadi MUST pale Mbeya. Na katika ukurasa huo mmoja mhadhiri huwa anatafuta mambo matatu kabla ya mengine yote: swali la utafiti, nadharia tete, ambayo wengine mmezoea kuiita haipothesisi, na lengo la utafiti. Nimesoma mihtasari mingi ya aina hiyo, na ninachokutana nacho mara kwa mara ni mambo hayo matatu kuvaana nguo. Swali linaandikwa kama lengo, lengo linaandikwa kama nadharia tete, na nadharia tete, hili ndilo baya kuliko yote, inaandikwa kama ukweli uliokwisha kupatikana.

Nianze na fundi wa pikipiki, kwa sababu yeye hufanya mambo haya matatu kila siku bila kuyapa majina. Kijana wa bodaboda anamletea chombo pale Mwanjelwa, anasema kinazima kila akipandisha mlima. Kwa nini kinazima mlimani na si kwenye tambarare? Hilo ni swali. Fundi anakuna kichwa, anasema, mimi naona plagi imechoka. Hiyo ni nadharia tete, ni dai ambalo bado halijapimwa. Kisha anachukua spana, anasema, ngoja niifungue plagi niweke nyingine, halafu tupande nayo mlima ule ule. Hilo ni lengo, ni kazi anayoahidi kuifanya. Sasa angalia kila kimoja kinakwishaje. Swali linakwisha kwa jibu. Nadharia tete inakwisha kwa kukubaliwa au kukataliwa na ushahidi. Lengo linakwisha kazi ikishafanyika, hata kama pikipiki itaendelea kuzima vile vile na plagi ikaonekana haina kosa. Fundi atakuwa ametimiza lengo lake huku nadharia tete yake ikiwa imeanguka. Shika hilo, kwa maana ndicho kipimo nitakachokitumia muda wote.

Tuiache gereji sasa, tuende Kyela.

Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makala ya Inge Kroidl na wenzake, wakiwemo watafiti wa kituo cha NIMR cha Mbeya, kuhusu minyoo ya matende na maambukizi ya VVU kusini magharibi mwa Tanzania. Nimeichagua kwa sababu ni ya kwetu, na kwa sababu utangulizi wa makala ya namna hii una vyote vitatu na unavibana katika nafasi ndogo, jambo ambalo humchanganya msomaji mgeni.

Nieleze kwanza habari yenyewe. Matende na mabusha huletwa na minyoo midogo inayoitwa kitaalamu Wuchereria bancrofti, inayoenezwa na mbu. Minyoo iliyokomaa hukaa kwenye mishipa ya limfu kwa miaka, na watu wengi walio nayo hawana mguu uliovimba wala busha. Wanatembea nayo bila kujua. Kyela, bonde la joto na maji kando ya Ziwa Nyasa, lilikuwa na minyoo hiyo kwa wingi. Na kati ya mwaka 2006 na 2011 watafiti wa Mbeya walikuwa wakifuatilia kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu katika maeneo 9 ya mkoa, Kyela ikiwa mojawapo. Walirudi kwa watu wale wale kila mwaka, wakachukua damu na kupima VVU.

Mbali na Kyela, kulikuwa na ubishi wa kisayansi wa muda mrefu. Kwa nini VVU vilienea vikali namna hii mashariki na kusini mwa Afrika, kuliko sehemu nyingine za dunia? Mwaka 1995 Zvi Bentwich na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Israeli na kuwachunguza wahamiaji kutoka Ethiopia, walitoa wazo kwamba huenda minyoo ina mkono wake. Wazo lao ni hili: minyoo ikikaa mwilini muda mrefu, kinga ya mwili hubaki imeamka wakati wote, na seli za kinga zilizoamka ndizo ambazo VVU huzishambulia kwa urahisi zaidi. Baadhi ya watafiti waliliunga mkono, wengine wakalipinga.

Haya, sasa mwanafunzi anakaa na utangulizi kama huo. Anaanzia wapi?

Wengi huanza kutafuta alama ya kuuliza. Huenda wasiipate. Katika makala za sayansi swali la utafiti mara nyingi haliulizwi waziwazi. Limefichwa ndani ya sentensi inayokiri kwamba kuna jambo halijulikani. Sentensi hiyo huja kuelekea mwisho wa utangulizi, baada ya mwandishi kueleza wengine wamefanya nini, na huwa na maneno ya namna hii: bado haijulikani iwapo, tafiti zilizopo hazijaonyesha kama, ushahidi uliopo unapingana. Ukikutana na sentensi kama hiyo, simama. Ichukue uigeuze iwe swali kwa maneno yako mwenyewe. Kwa makala ya Kyela, swali likiandikwa kwa Kiswahili cha kawaida linakuwa hivi: je, mtu asiye na VVU lakini mwenye minyoo ya matende ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuambukizwa VVU kuliko mwenzake asiye na minyoo hiyo?

Hapo kuna mtego, na wengi huangukia humo. Kwa nini VVU vimeenea sana katika ukanda wetu? Hilo nalo ni swali, tena kubwa, na ndilo lililouzaa ubishi wote. Lakini si swali la utafiti wa makala hii. Ni tatizo, ni mandhari ambamo utafiti umesimama. Utatofautishaje? Nenda kwenye sehemu ya mbinu, uangalie walichokipima. Kama walichokipima kinaweza kulijibu swali uliloandika, umelipata. Kama hakiwezi, umeandika tatizo. Hakuna anayeweza kukaa Kyela, akapima damu ya watu 1,055, akaeleza kwa nini Afrika nzima ya mashariki na kusini imeumia kuliko Ulaya. Anachoweza ni kulinganisha wenye minyoo na wasio nayo. Swali la utafiti lina ukubwa wa kipimo kilichotumika. Likizidi hapo, rudi nyuma.

Tuje kwenye nadharia tete. Hii ni sentensi yenye dai ndani yake, na dai hilo lazima liwe la namna ambayo takwimu zinaweza kulikataa. Ukiandika kwamba minyoo ina umuhimu katika afya ya jamii, hujaandika nadharia tete, kwa sababu hakuna matokeo yoyote yanayoweza kulikanusha dai hilo. Ukiandika kwamba watu wenye minyoo ya matende huambukizwa VVU kwa kasi kubwa zaidi kuliko wasio nayo, hapo umeandika nadharia tete, kwa sababu kasi ya makundi mawili inaweza kutoka sawa, au hata kugeuka, na dai likaanguka. Angalia pia kwamba dai hili lina mwelekeo: linasema zaidi, halisemi tofauti tu. Mwelekeo huo ukiwepo kwenye makala, muhtasari wako uuhifadhi. Mwanafunzi akiandika kwamba watafiti walidhani kuna uhusiano kati ya minyoo na VVU, amelegeza dai. Uhusiano unaweza kwenda upande wowote.

Jambo lingine linalosahaulika ni mwenye dai. Wazo la kinga iliyoamka lilikuwepo zaidi ya miaka 20 kabla ya makala ya Kyela kuchapishwa. Unapofupisha, usiandike kwamba Kroidl na wenzake ndio waliolibuni. Andika kwamba lilikuwepo, likabishaniwa, nao wakaenda kulipima. Utangulizi wa makala yoyote umejaa madai ya watu wengine: mengine mwandishi anayakubali, mengine anayataja ili ayapinge, mengine anayapitia tu ili msomaji ajue yapo. Ukitaka kujua dai ni la nani, fuata nani ametajwa kwenye sentensi hiyo, kisha uangalie kama mwandishi anarudi kwake baadaye akisema, sisi tunatarajia, au sisi tunapendekeza. Dai ambalo mwandishi hajalichukua kuwa lake, na hajaahidi kulipima, halina nafasi katika muhtasari kama nadharia tete ya makala.

Lengo ndilo rahisi kulipata. Hukaa karibu na mwisho wa utangulizi, mara nyingi katika aya ya mwisho, na hubebwa na kitenzi cha kazi: kupima, kukadiria, kulinganisha, kueleza, kuchunguza. Kwa Kyela, lengo lilikuwa kuchunguza athari ya maambukizi ya Wuchereria bancrofti katika kasi ya maambukizi mapya ya VVU. Ni kazi. Ina mahali, ina watu, ina kipimo. Tena, kama nilivyosema kwa fundi, lingetimia hata kama minyoo ingeonekana haina athari yoyote.

Ninajua mtasema: lakini mbona mara nyingine mambo yote yapo kwenye sentensi moja? Ni kweli. Kuna waandishi huandika kwamba lengo la makala ni kupima nadharia tete inayosema kadha wa kadha. Hapo ikate sentensi katikati. Kila kilicho kabla ya dai ni lengo, na dai lenyewe ni nadharia tete. Vivyo hivyo mwandishi akisema lengo ni kuchunguza iwapo jambo fulani hutokea, basi neno iwapo limebeba swali ndani ya lengo. Unaweza kulitoa ukaliandika peke yake, na lengo likabaki kuwa ile kazi ya kuchunguza. Sentensi moja inaweza kubeba viwili, hakuna ubaya. Ubaya ni wewe kuvitoa humo ukiwa umevichanganya.

Sasa nisome muhtasari wa mfano. Nimeutunga mwenyewe, lakini kila kosa lililomo nimelikuta kwenye karatasi za wanafunzi. Unasema hivi:

Watafiti walitaka kujua kwa nini VVU ni vingi Afrika. Nadharia tete yao ilikuwa kuchunguza minyoo ya matende Kyela. Lengo lao lilikuwa kuthibitisha kwamba minyoo husababisha VVU.

Sentensi tatu, na kila moja imekosea kwa namna yake. Ya kwanza tumeshaiona: imechukua tatizo la bara zima ikaliita swali la makala. Ya pili imeweka kazi mahali pa dai. Jiulize, kuchunguza minyoo Kyela kunaweza kukataliwa na takwimu? Haiwezekani. Kazi haikataliwi, inafanyika au haifanyiki. Hilo ni lengo limekaa kwenye kiti cha nadharia tete.

Ya tatu ndiyo inayoniumiza, kwa sababu inampotosha msomaji ambaye hataiona makala yenyewe. Kuna mambo mawili humo. La kwanza ni kitenzi kuthibitisha. Mtafiti aliyeingia Kyela kuthibitisha jambo ameshaamua jibu kabla ya kuchukua damu ya mtu hata mmoja. Hakuna mhariri makini anayempokea. Makala haikuahidi kuthibitisha, iliahidi kuchunguza. Ukimwekea mtafiti neno hilo mdomoni umemsingizia. La pili ni kitenzi husababisha. Minyoo ya matende haizai virusi vya UKIMWI. Virusi huenezwa kwa njia zinazojulikana. Kinachosemwa ni kwamba mtu mwenye minyoo, akikutana na virusi, huenda akaambukizwa kwa urahisi zaidi. Umbali kati ya sentensi hizo mbili ni mkubwa. Fikiria mama wa Kyela mwenye mguu uliovimba, asikie redioni kwamba matende husababisha VVU, halafu majirani zake nao wasikie. Sentensi moja mbovu ya muhtasari inaweza kumfikia mtu namna hiyo.

Tuuandike upya. Ningeandika hivi:

Kwa miaka mingi wanasayansi wamebishana iwapo maambukizi ya minyoo huchangia kuenea kwa VVU katika Afrika. Nadharia tete iliyokuwepo ni kwamba minyoo inayokaa mwilini muda mrefu huiweka kinga katika hali ya kuamka, na hivyo kumfanya mtu aambukizwe VVU kwa urahisi zaidi. Swali la makala ni iwapo watu wasio na VVU walio na minyoo ya matende huambukizwa VVU kwa kasi zaidi kuliko wasio na minyoo hiyo. Lengo lilikuwa kupima athari ya minyoo hiyo kwa kufuatilia wakazi wa Kyela kwa miaka kadhaa.

Hakuna matokeo humo, na sikuyasahau. Matokeo si sehemu ya utangulizi. Yapo mbele, na ni haya: miongoni mwa watu 1,055 ambao hawakuwa na VVU mwanzoni, 32 waliambukizwa katika kipindi cha ufuatiliaji. Kwa wenye minyoo kasi ilikuwa maambukizi 1.91 kwa kila watu 100 wakifuatiliwa mwaka mmoja. Kwa wasio nayo ilikuwa 0.80. Umri na jinsia vikishazingatiwa, kasi kwa wenye minyoo ilikuwa zaidi ya maradufu, mara 2.17, na tofauti ilionekana kubwa zaidi kwa vijana. Nadharia tete ilisimama. Lakini mwanafunzi anayejua matokeo hayo hushawishika kurudi nyuma na kuiandika nadharia tete kana kwamba ilikuwa ukweli tangu mwanzo. Ndiyo maana ninawashauri wanafunzi wafupishe utangulizi kabla hawajasoma matokeo. Yule aliyeandika utangulizi wake akiwa hajui mwisho huandika huenda pale panapostahili huenda.

Mpaka hapa utadhani kila makala ina vyote vitatu. Haina. Na hapa nataka tupande kutoka Kyela hadi Usangu.

Mto Ruaha Mkuu unakusanya maji yake katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, unaingia kwenye ardhi oevu ya Ihefu, unatoka kupitia kizingiti cha mwamba kinachoitwa Ng'iriama, kisha unaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha upande wa Iringa na kuendelea hadi Mtera. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu kiangazi cha mwaka 1993 ukaanza kukauka ndani ya hifadhi, viboko wakabaki kwenye matope. Kila mtu akawa na maelezo yake: ni ng'ombe wa wafugaji, ni mashamba ya mpunga, ni miti iliyokatwa milimani, ni mvua zilizopungua.

Mwaka 2006 Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walitoa ripoti ya utafiti kupitia taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa maji, IWMI. Walitumia kielelezo rahisi cha hesabu za maji kwa Ihefu: yanayoingia, yanayotoka, yanayopotea kwa mvuke. Mpe mwanafunzi utafiti wa namna hiyo aufupishe, na mara nyingi ataandika: nadharia tete ya watafiti ni kwamba wafugaji wameukausha mto. Amelitoa wapi dai hilo? Katika usuli wa tatizo, mahali ambapo yale yanayosemwa na watu hutajwa ili msomaji aelewe ubishi ulivyo. Ni dai la mtaani lililopewa jina la mtafiti.

Kazi yenyewe ilikuwa kukadiria. Ukiigeuza iwe swali, unapata hili: maji yanayoingia Ihefu wakati wa kiangazi yamepungua kwa kiasi gani, na yanapaswa kuwa kiasi gani ili mto usikatike chini ya Ng'iriama? Swali la kiasi gani halihitaji nadharia tete. Hulinganishi makundi mawili, hulipimi dai, unatafuta namba. Na namba walizozipata ni hizi: kati ya mwaka 1958 na 2004 maji ya kiangazi yanayoingia kwenye ardhi oevu yalipungua kwa takriban asilimia 70, hasa kwa sababu ya maji yanayochukuliwa na binadamu, umwagiliaji ukiongoza. Ili mto uwe na angalau mita za ujazo 0.6 kwa sekunde kuelekea hifadhini, zinahitajika takriban 7 zinazoingia Ihefu. Tofauti hiyo kubwa inaeleweka ukiijua sehemu yenyewe: kwanza Ihefu inapoteza maji mengi kwa mvuke, na pili maji hayatoki mpaka kina kipande juu ya ule mwamba wa Ng'iriama.

Kuna mwanafunzi atakayeona pengo pale palipoandikwa nadharia tete katika fomu ya muhtasari, aogope kukatwa alama, atunge moja. Asitunge. Sentensi sahihi ya kuandika ni fupi: utafiti huu hauna nadharia tete, ni utafiti wa kukadiria. Vivyo hivyo kwa tafiti za mahojiano, kwa mfano mtafiti anayekwenda Mufindi kuwauliza wachumaji wa chai wanavyoyaeleza maisha yao. Yeye ana swali na ana lengo. Dai la kupimwa kwa takwimu hana, wala halihitaji.

Kwa Usangu jambo hili halikuishia karatasini. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwahamisha wafugaji na mifugo yao kutoka bondeni, na mwaka 2008 eneo kubwa la Usangu likaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Hoja za uamuzi ule zilikuwa nyingi na sitaki kuzipunguza ziwe moja. Ninachosema ni kwamba dai kuhusu ng'ombe lilizunguka nchini kwa miaka kama jibu lililokwisha patikana, wakati uchunguzi wa mradi wa SMUWC, uliofanyika Usangu miaka michache kabla, ulikuwa umeielekeza lawama ya kiangazi kwenye mifereji inayoendelea kuchukua maji baada ya msimu. Ofisini watu wengi hawasomi ripoti nzima. Wanasoma muhtasari.

Kwa hiyo nina ombi kwa pande mbili. Wewe mwanafunzi, ukimaliza kuandika muhtasari wako, weka kidole kwenye kila sentensi kati ya hizo tatu uulize: hii inakwishaje, kwa jibu, kwa kukataliwa, au kwa kazi kufanyika? Sentensi ikikukatalia, irudie kabla hujakabidhi. Nanyi walimu wetu mnaotoa kazi hizi, ile fomu yenye visanduku vitatu vinavyolazimu kujazwa, iongezeeni nafasi ya kuandika haipo, na anayeandika haipo kwa haki apewe alama zake zote.